Usahihi, Kasi na Kiimbo: Namna ya Kupima Ufasaha wa Mtoto Anaposoma kwa Sauti

Ufasaha wa kusoma kwa sauti hupimwa kwa dakika moja ya kusikiliza. Mwanafunzi hupewa kifungu cha habari ambacho hajawahi kukiona, akakisoma kwa sauti mbele ya mwalimu, naye mwalimu akawa na nakala yake ya kutia alama. Katika dakika hiyo masikio ya mwalimu hufuatilia mambo matatu: kama maneno yanayotamkwa ndiyo yaliyoandikwa, mtoto anakwenda kwa mwendo gani, na kama sauti yake inapanda, inashuka na kutua mahali ambapo maana inataka. Jambo la kwanza ni usahihi, la pili ni kasi, na la tatu ni kiimbo.

Mambo hayo hayakui kwa pamoja, hasa katika Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa ukaribu mkubwa. Mtoto aliyezijua silabi anaweza kulitamka neno ambalo hajawahi kulisikia, na akalitamka sawasawa. Kwa sababu hiyo usahihi unaweza kutangulia mbali, kasi ikaufuata, na maana ikabaki nyuma bila mwalimu kutambua. Anayehesabu maneno peke yake atamwona mtoto huyo kuwa msomaji hodari. Anayesikiliza kiimbo pia atagundua kwamba bado kuna kazi.

Maandalizi

Kwa Darasa la Pili kifungu cha maneno 60 hivi kinatosha. Kiwe hadithi fupi yenye sentensi za kawaida, isiyotoka katika kitabu kinachosomwa darasani, kwa kuwa watoto wengi hukariri kurasa za kitabu chao. Mfano ni kifungu hiki chenye maneno 60 kamili:

Jumapili asubuhi, Rehema alikwenda kisimani pamoja na bibi yake. Njiani waliona kifaranga amenaswa kwenye miiba. Rehema akauliza, “Bibi, mama yake yuko wapi?” Bibi akasema, “Tumnasue kwanza, kisha tutamtafuta.” Walipomtoa, kifaranga alikimbia mbio hadi chini ya mwembe. Huko kuku mkubwa alikuwa akiita. Rehema alicheka, akabeba ndoo yake, wakaendelea na safari. Waliporudi nyumbani, alimsimulia mama yake habari ile yote. Mama alifurahi sana.

Nakala ya mtoto huandikwa kwa herufi kubwa za kusomeka, bila picha, kwa sababu picha humpa mtoto majibu ya kubahatisha. Nakala ya mwalimu ina nyongeza moja: mwishoni mwa kila mstari huandikwa jumla ya maneno hadi hapo, ili hesabu ya mwisho isichukue muda. Saa ya simu inatosha kupimia dakika.

Mtoto huitwa pembeni, mahali ambapo wenzake hawamsikii. Aibu ya kusikilizwa na darasa zima hupunguza kasi, na anayesubiri zamu yake huku akisikia atakuwa ameshaijua hadithi. Mwalimu humwambia kwa maneno machache kwamba asome vizuri kadiri awezavyo, kisha atamuuliza habari za hadithi hiyo. Asimwambie asome haraka. Mtoto aliyeambiwa “haraka” hukimbiza maneno, akavipita vituo na kumeza silabi, na kipimo kinakuwa cha mbio za ulimi.

Saa huanza pale mtoto anapotamka neno la kwanza. Ikianza mwalimu anapomaliza kutoa maelekezo, sekunde ambazo mtoto anatafuta mahali pa kuanzia zitahesabiwa kama sekunde za kusoma. Dakika ikiisha, mwalimu huweka alama ya mabano baada ya neno la mwisho lililosomwa, na mtoto huachwa amalizie sentensi yake kwa utulivu.

Kusikiliza usahihi

Neno huhesabiwa kosa likisomwa visivyo, likirukwa, au mtoto akikwama kwa sekunde tatu hadi mwalimu akamtajia ili aendelee. Mwalimu hukata neno hilo kwa mstari na, nafasi ikiruhusu, huandika juu yake kile alichokisikia. Maandishi hayo madogo ndiyo yatakayoonyesha baadaye chanzo cha makosa.

Yapo mambo yanayosikika kama makosa lakini hayahesabiwi. Mtoto akikosea kisha akajisahihisha mwenyewe, neno hilo ni sahihi. Kujisahihisha ni dalili njema, maana kunaonyesha kwamba anajisikiliza na ametambua kuwa alichotamka hakiendani na habari. Kurudia neno nako si kosa. Adhabu yake imo ndani ya saa, kwa kuwa muda umepotea. Neno aliloongeza mtoto bila kuwamo kwenye kifungu huandikwa pembeni, lakini halipunguzi hesabu.

Lafudhi inahitaji uangalifu zaidi. Mtoto ambaye kwao r na l hazitofautishwi, au anayetamka “samani” palipoandikwa “thamani”, huenda amelisoma neno vizuri kabisa na kulitamka kama linavyotamkwa nyumbani. Njia ya kujua ni kuzungumza naye kidogo kabla ya kuanza. Sauti anayoibadilisha katika mazungumzo si kosa la kusoma. Sauti anayoitamka sawasawa akizungumza, kisha akaikosea mbele ya maandishi, ni kosa.

Usahihi huelezwa kwa asilimia: maneno yaliyosomwa sawasawa hugawanywa kwa maneno yote aliyoyafikia mtoto, kisha huzidishwa kwa 100. Kwa kawaida, anayepata asilimia 95 na kuendelea anaweza kukisoma kifungu hicho peke yake. Kati ya asilimia 90 na 94, kifungu kinamfaa kwa kujifunzia akiwa na mwalimu. Akiwa chini ya 90, kifungu kimemzidi, kwa sababu katika kila maneno kumi anapoteza zaidi ya moja, na uzi wa habari hukatika kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Kusikiliza kasi

Kasi hutajwa kwa idadi ya maneno sahihi kwa dakika. Huchukuliwa maneno yote aliyoyafikia mtoto, yakatolewa aliyoyakosea. Mtoto akimaliza kifungu kabla ya dakika kwisha, maneno sahihi huzidishwa kwa 60, kisha hugawanywa kwa sekunde alizotumia.

Tarakimu hiyo huhitaji kitu cha kulinganishwa nacho. Tanzania iliweka lengo la maneno 50 kwa dakika kwa mwanafunzi wa Darasa la Pili anayesoma Kiswahili. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuwa umeonyesha wastani ulio chini ya maneno 20. Kenya, kwa watoto wa darasa hilohilo, iliweka maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza.

Tofauti ya viwango hivyo viwili vya Kenya haina maana kwamba Kiswahili kinadaiwa kidogo. Inatokana na umbo la maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. “Tutamtafuta” ni neno moja lenye silabi sita. Kiingereza husema jambo hilo kwa maneno matano mafupi, na kila moja huhesabiwa peke yake. Anayesoma maneno 45 ya Kiswahili katika dakika moja amebeba mzigo mkubwa kuliko hesabu inavyoonyesha. Kwa hiyo majedwali ya kasi yaliyotungwa Marekani kwa Kiingereza hayafai kumpimia mtoto anayesoma Kiswahili. Kwa sababu hiyohiyo, vifungu viwili vya Kiswahili havilingani ikiwa kimoja kimejaa “baba”, “paka” na “maji”, na kingine kina “walipomtoa” na “alimsimulia”.

Kusikiliza kiimbo

Kiimbo hakihesabiki, lakini hupangwa kwa ngazi. Kipimo kinachotumika sana kina ngazi nne, na kilipata umaarufu kupitia upimaji wa kitaifa wa usomaji nchini Marekani katika miaka ya 1990. Ngazi ya kwanza ni ya mtoto anayesoma neno mojamoja, au silabi mojamoja. Ya pili ni ya anayeunganisha maneno mawilimawili, lakini anatua popote pumzi inapomwishia. Ya tatu ni ya anayesoma mafungu ya maneno matatu au manne yanayoendana na maana, ingawa sauti yake bado imelala. Ya nne ni ya anayesoma mafungu makubwa yenye maana, akitofautisha msimulizi na wanaozungumza.

Katika Kiswahili dalili za kusikiliza ni chache na ziko wazi. Ya kwanza ni mkazo. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayeokota silabi hutamka “a-li-kwe-nda” akizipa zote uzito sawa, kama anayehesabu mawe. Siku atakapolitambua neno zima, mkazo utakwenda wenyewe kwenye “kwe”, kama unavyokwenda anapozungumza. Mwalimu anayeusikia mkazo ukikaa mahali pake amepata ushahidi kwamba mtoto amelijua neno, hakuziunganisha silabi tu.

Dalili ya pili ni mafungu ya maneno. Yako maneno ya Kiswahili ambayo hayatenganishiki bila kuumiza maana: “bibi yake”, “chini ya mwembe”, “kuku mkubwa”. Anayesoma “pamoja na bibi”, akatua, kisha akaanza upya “yake njiani waliona”, amevuka nukta bila kuiona, na “yake” imekosa mwenyewe.

Dalili ya tatu ni swali. Kiswahili kinaweza kuuliza bila kubadili neno hata moja. “Umekula” na “Umekula?” zinatofautiana kwa sauti tu, na kwenye maandishi alama ya kuuliza ndiyo inayoishikilia tofauti hiyo. Mtoto anayesoma swali kama taarifa ama hajaiona alama, ama ameiona lakini hajajua kuwa kuna mtu anayeuliza. Swali dogo baada ya kusoma, “Nani alikuwa anauliza?”, hutenganisha hali hizo mbili.

Watoto watatu, kifungu kimoja

Namna mambo haya matatu yanavyokutana huonekana vizuri yakiwekwa mbele ya wasomaji watatu wa Darasa la Pili, wote wakisoma hadithi ile ya kifaranga.

Mtoto wa kwanza anafika kwenye neno “mkubwa”, ambalo ni la 39, dakika inaisha. Njiani alisoma “alikenda”, akajisahihisha, hilo halihesabiwi. Alikwama kwenye “tumnasue” hadi akatajiwa. “Tutamtafuta” aliisoma “tutatafuta”. “Walipomtoa” ikawa “walipotoa”. “Mwembe” ikawa “mwebe”, na neno “mbio” alilirukia. Makosa ni matano, maneno sahihi ni 34, na usahihi ni asilimia 87. Kwa kiimbo yuko ngazi ya pili.

Tarakimu zinasema kifungu kimemzidi. Makosa yenyewe yanasema zaidi. Manne kati ya matano yako mahali ambapo m inasimama mbele ya konsonanti ndani ya neno: m-na, m-ta, m-to, mbe. Hata “mbio” aliloliruka linaanza na mb. Mtoto huyu hana tatizo na “kifaranga” wala “alikuwa”, ambayo ni maneno marefu lakini kila konsonanti ina irabu yake. Tatizo lake ni m isiyo na irabu. Tena, “tutatafuta” na “walipotoa” ni maneno halali ya Kiswahili, ndiyo maana sikio lake halikumshtua. Kilichopotea ni yule anayetafutwa na yule anayetolewa. Anachohitaji ni mazoezi ya maneno kama “alimpa”, “nimtume” na “wamtafute” yakiwekwa kando ya “alipa”, “nitume” na “watafute”, ili asikie m inavyobadili habari. Kumrudisha kwenye a, e, i, o, u kungempotezea muda.

Mtoto wa pili anamaliza kifungu kizima kwa sekunde 52 akiwa na kosa moja. Maneno sahihi ni 59. Yakizidishwa kwa 60 na kugawanywa kwa 52 yanakuwa 68 kwa dakika. Usahihi ni asilimia 98. Kwa tarakimu hizo amelivuka lengo la 50 kwa mbali. Lakini sauti yake haikushuka kwenye nukta hata moja. Swali la Rehema lilisomwa kwa sauti ileile ya taarifa, na jibu la bibi likaunganishwa nalo bila pumzi. Alipoulizwa kwa nini kifaranga hakuweza kuondoka pale njiani, alijibu: “Kwa sababu mama yake hayupo.” Miiba haikuingia akilini. Ana usahihi na kasi, na kiimbo kiko ngazi ya pili. Kumpa vifungu vingi zaidi avisome kwa haraka kutaikomaza tabia hiyohiyo. Kinachomfaa ni kukisoma upya kifungu kifupi chenye mazungumzo, mtoto mmoja akiwa Rehema na mwingine bibi, baada ya kumsikia mwalimu akikisoma.

Mtoto wa tatu anafika kwenye neno la 48 akiwa na makosa mawili. Maneno sahihi ni 46, usahihi ni asilimia 96. Hajafikisha 50. Lakini alitua kwenye nukta, alipandisha sauti kwenye “wapi”, na jibu la bibi alilitoa taratibu kama mtu mzima anayetuliza. Yuko kati ya ngazi ya tatu na ya nne, na maswali yote ya sehemu aliyoisoma aliyajibu. Kasi yake itaongezeka kadiri anavyosoma vitabu vingi vinavyomlingana. Kwa hesabu ya maneno peke yake angepangwa chini ya mtoto wa pili, ilhali kwa usomaji yuko mbele yake.

Kipimo kinapodanganya

Kosa la kawaida katika upimaji huu ni kuamini kifungu kimoja. Mtoto huyohuyo, siku hiyohiyo, anaweza kusoma maneno 38 katika hadithi ya kuku na 47 katika hadithi ya mpira, kwa kuwa maneno ya mpira anayasikia kila jioni. Panapohitajika uamuzi, kama kumweka mtoto katika kundi la msaada, hutumiwa vifungu vitatu, na hesabu inayochukuliwa ni ile ya katikati. Tofauti ya maneno mawili matatu kati ya mwezi na mwezi haina uzito. Panda shuka za kawaida huweza kuileta.

Kosa la pili ni kukariri kunakofichika. Mtoto anayesoma bila macho kuufuata mstari, au anayeendelea vizuri hata karatasi ikisogezwa, huenda anakumbuka tu. Kumwonyesha maneno machache ya kifungu hichohicho kutoka mwisho kwenda mwanzo humaliza shaka.

Kosa la tatu ni la msikilizaji mwenyewe. Mwalimu anayempenda mtoto husikia neno ambalo halikutamkwa, na aliyechoka husikia kosa lisilokuwapo. Dawa yake ni kurekodi usomaji kwa simu, walimu wawili wakatia alama kila mmoja kwenye nakala yake, kisha wakalinganisha. Wakitofautiana kwenye usahihi, hurudia kusikiliza neno lenyewe. Wakitofautiana kwenye kiimbo kwa zaidi ya ngazi moja, hurudia kwanza maelezo ya ngazi, kisha rekodi.

Wako pia watoto ambao saa haiwafai. Mwenye kigugumizi anaweza kusoma kwa ufahamu kamili na bado apate maneno 20. Kwake huangaliwa usahihi na majibu ya maswali, na saa huwekwa kando. Mtoto anayekunja uso na kuileta karatasi karibu na pua, au anayeruka mistari mara kwa mara, apimwe macho kwanza kabla ya kuambiwa hajui kusoma. Na mtoto asiyepata hata neno moja katika maneno kumi ya mwanzo huachishwa kwa upole. Kwake kifungu hakipimi chochote, na mwalimu hurudi kwenye silabi na maneno mafupi ili aone anachokijua.

Katika darasa la watoto 60, kumpima kila mmoja kwa dakika tatu au nne, pamoja na maswali, kunahitaji saa tatu hadi nne. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Watoto sita kwa siku, wakati wenzao wanaandika, humaliza darasa zima kwa siku kumi za masomo. Kumbukumbu ya kila mtoto huhitaji mstari mmoja tu kwenye daftari: tarehe, maneno sahihi kwa dakika, asilimia ya usahihi, ngazi ya kiimbo, na aina ya kosa lililojirudia. Mstari wa mtoto wa kwanza ungesomeka hivi: 34, asilimia 87, ngazi ya 2, m mbele ya konsonanti. Muhula unaofuata, akisoma kifungu kingine, mwalimu atajua neno gani la kulitegea sikio.